Tani Mbili Zilizopotelea Kwenye Nukta

Kontena la futi 20 la kahawa inayotoka Mbale kwenda bandari ya Mombasa hubeba kwa kawaida magunia 320 ya kilo 60. Hizo ni kilo 19,200, na mtu aliyekaa msimu mmoja tu katika stoo za kahawa anaijua hesabu hiyo bila kushika kalamu. Sasa tuseme jioni ya kufunga mzigo, lahajedwali ya chama cha ushirika inaonyesha jumla ya kilo 17,042.16. Magunia yamehesabiwa upya na yote 320 yapo. Karatasi za mzani zipo pia, isipokuwa moja iliyolowa mvua. Lakini kwenye kioo cha kompyuta zinakosekana kilo zaidi ya elfu mbili, na kwa bei ya mfano ya Sh 15,000 kwa kilo, hizo ni zaidi ya Sh milioni 32. Mwenyekiti anamwita mtunza stoo kando. "Mzee, hebu tueleze."

Mfano huu nimeutunga, na tarakimu zake nimezipanga mwenyewe ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu na karatasi. Kosa lililomo ndani yake ni la kweli, na linaweza kutokea siku yoyote mahali ambapo karatasi za Uganda hukutana na karatasi za Ujerumani, Italia, Ubelgiji au Kongo. Kahawa ya Masaba imekuwa ikienda Ulaya tangu kabla ya mwaka 1954, ulipoundwa Muungano wa Ushirika wa Bugisu wenye makao yake Mbale, kwa hiyo karatasi hizo zimekuwa zikikutana kwa vizazi. Jambo jipya ni kwamba zamani mtu alikaa katikati akasoma na kuandika upya kwa mkono. Siku hizi tarakimu hunakiliwa kwa vidole viwili, na katikati kuna programu inayosoma kwa sheria zake.

Sheria zenyewe zinatofautiana hivi. Uganda, kama Kenya na Tanzania, hutenga maelfu kwa mkato na sehemu ya desimali kwa nukta. Elfu mbili mia moja sitini na nusu huandikwa 2,160.5. Ujerumani na Italia hugeuza: 2.160,5. Ng'ambo ya mpaka wa magharibi, Wakongo waliosomea Kifaransa huacha nafasi kwenye maelfu na kuweka mkato kwenye desimali: 2 160,5. Zote tatu ni sahihi kwao wenyewe. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, chombo cha kimataifa kinachosimamia mita na kilo, uliamua mwaka 2003 kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato, na ukasisitiza kwamba katika makundi ya tarakimu tatu isiwekwe nukta wala mkato, bali nafasi tupu. Uamuzi huo ungemaliza tatizo. Wanasayansi wengi wanaufuata, lakini wafanyabiashara wengi, wa kwetu na wa Ulaya, wameendelea na mazoea yao.

Turudi kwenye ile karatasi iliyolowa. Mzigo wetu umetoka kwa vikundi sita. Budadiri wameleta kilo 3,480, Wanale 960, Bududa 2,160, Bulambuli 4,260, Manafwa 840 na Namisindwa 7,500. Ukizijumlisha unapata 19,200 kamili. Karani aliingiza vikundi vitano kutoka kwenye karatasi za mzani. Ya Bududa ilikuwa haisomeki, akaitafuta kwenye orodha ambayo mnunuzi wa Hamburg alikuwa ametuma kwa barua pepe kuthibitisha mzigo. Pale iliandikwa 2.160. Akainakili, akaibandika, akaendelea na kazi nyingine.

Excel iliyowekwa kwa utaratibu wa Kiingereza ikiona 2.160 haina sababu ya kuuliza. Kwake hiyo ni mbili na sehemu mia na sitini za elfu, na kwa kuwa sifuri ya mwisho haibadilishi thamani, inaifuta na kuonyesha 2.16. Kisha inajumlisha kwa usahihi kabisa kile ilichokisoma.

Inafaa kujiuliza kwa nini karani hakuliona kosa hilo, maana ndilo swali ambalo mwenyekiti atauliza, na jibu lake halina uhusiano na uzembe. Sisi hatukuzoea senti. Mwaka 1987 Uganda ilibadilisha fedha, shilingi mia za zamani zikawa moja mpya, na hata hiyo mpya imeshuka thamani kiasi kwamba senti hazipo tena mikononi mwa watu. Tangu hapo, alama yoyote tunayoiona ndani ya kiasi cha fedha ni alama ya maelfu. Jicho la mtu wa Mbale likiona 2.160 linasoma elfu mbili mia moja sitini, na linasoma sawasawa, kwa sababu ndivyo mwandishi wa Hamburg alivyokusudia. Mtu amesoma vizuri, mashine imesoma vibaya, na mtu anadhani mashine imesoma kama yeye. Ndiyo maana kuhakiki kwa kusoma orodha kwa sauti, mmoja anasoma na mwenzake anaweka alama ya vema, hakusaidii sana hapa. Wote wawili watasoma elfu mbili.

Jumla yenyewe pia haipigi kelele. Ingetoka kilo 17, kila mtu angecheka na kurudia kazi. Lakini 17,042 ukigawa kwa magunia 320 unapata kama kilo 53 kwa gunia. Huo ni upungufu wa aina ambayo watu wa kahawa wanaifahamu: magunia yaliyopunjwa, mzani uliochezewa, kahawa iliyokauka kupita kiasi, dereva aliyesimama mahali pasipofaa. Kosa la alama limevaa sura ya wizi. Mara nyingi jumla inayoelekea kuwa kweli ndiyo inayomfikisha mtu asiye na hatia mbele ya kamati.

Mtunza stoo anaweza kujitetea kwa hesabu ambayo haihitaji hata kompyuta. Tunajua jumla inayopaswa kuwa, kwa sababu magunia yamehesabiwa: 19,200. Tunajua jumla iliyoonyeshwa: 17,042.16. Tofauti ni 2,157.84. Sasa gawanya tofauti hiyo kwa 999. Jibu ni 2.16, bila salio lolote. Nenda kwenye safu ya kilo utafute 2.16. Ipo, kwenye mstari wa Bududa.

Sababu ya 999 si uganga. Namba iliyosomwa kimakosa imegawanywa kwa elfu moja. Badala ya sehemu elfu moja za kitu, jumla imepata sehemu moja, na zilizopotea ni 999. Kwa hiyo tofauti siku zote itakuwa mara 999 ya ile namba ndogo iliyobaki kwenye kioo. Wahasibu wa zamani walikuwa na mbinu ya karibu na hii: wakikuta tofauti inayogawanyika kwa 9, waliwatafuta watu waliogeuza tarakimu, wakaandika 54 badala ya 45. Hii ya 999 ni nduguye, na kwa vile makarani wetu hunakili kutoka kila upande, inastahili kufundishwa katika vyuo vya biashara pamoja na ile ya kwanza.

Namba zilizopungua zikiwa zaidi ya moja, kugawa kwa 999 kunakupa jumla ya zile ndogo. Tuseme karani alibandika orodha yote ya Hamburg. Hapo Budadiri inakuwa 3.48, Bududa 2.16, Bulambuli 4.26 na Namisindwa 7.5. Lakini Wanale inabaki 960 na Manafwa inabaki 840, kwa sababu namba isiyofika elfu haina alama ya kuikosea. Jumla inakuwa 1,817.4. Tofauti na 19,200 ni 17,382.6, nayo ukiigawa kwa 999 unapata 17.4, ambayo ndiyo jumla ya hizo nne. Angalia jambo hili la safu kuchanganyika: baadhi ya mistari imegawanywa kwa elfu, mingine haikuguswa. Wengi hujaribu kurekebisha kwa kuzidisha jumla kwa elfu moja, wanapata 1,817,400, na wanachanganyikiwa zaidi. Ugonjwa uko kwenye mistari, na dawa lazima iende kwenye mistari.

Na dawa isiyofaa ndiyo ya kwanza inayomjia mtu. Karani akishaelewa kwamba nukta ndiyo adui, atafungua dirisha la kutafuta na kubadilisha, ataamuru kila nukta ifutwe, na ataona nukta zimetoweka. Lakini sifuri za mwisho zilishafutwa tangu wakati wa kubandika. Kwa hiyo 2.16 inakuwa 216, si 2,160. Budadiri inakuwa 348. Bulambuli 426. Namisindwa, ambao ndio wengi kuliko wote, wanakuwa 75 na kushika mkia. Jumla mpya ni 2,865, na sasa hata ile mbinu ya 999 haifanyi kazi tena, kwa sababu kila mstari umekosewa kwa kiwango chake. Hapo lahajedwali imeharibika kiasi ambacho haiwezi kujisahihisha yenyewe. Lazima urudi kwenye waraka wa Hamburg.

Ukirudi, fanya hivi. Safu ambayo utabandika iwekwe kwanza kuwa ya maandishi, kwa kuchagua Text kwenye orodha ya miundo ya namba, kisha bandika maandishi matupu bila rangi wala mitindo yake. Sasa 2.160 itakaa kama ilivyoandikwa, na sifuri yake, ikiegemea upande wa kushoto wa kisanduku. Katika safu ya pembeni iambie programu ni alama ipi ya desimali na ipi ya maelfu. Excel tangu toleo la 2013, na LibreOffice Calc pia, zina fomula ya kazi hiyo:

```
=NUMBERVALUE(A2,",",".")
```

Alama ya kwanza kwenye mabano ni ile ya desimali katika waraka uliotumwa, ya pili ni ya maelfu. Fomula hiyo itasoma 2.160 kuwa 2160, na 2.160,5 kuwa 2160.5, kompyuta yako iwe imewekwa kwa utaratibu wowote, ila tu kwenye kompyuta inayotumia mkato wa desimali, vipengele vya fomula hutengwa kwa nukta-mkato badala ya mkato. Asiyependa fomula aende kwenye Data, achague Text to Columns, na katika hatua ya tatu abonyeze Advanced. Hapo pana visanduku viwili, Decimal separator na Thousands separator, ambavyo watu hupita bila kuvitazama kwa miaka yote ya kazi yao.

Tusogee Jinja. Ni mwendo wa saa chache kwa barabara ya Tirinyi, na huko aina nyingine ya kosa inatawala. Jinja ni mji wa viwanda tangu bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa mwaka huohuo wa 1954, lakini pia ni mji wa ofisi nyingi za miradi inayofadhiliwa kutoka Ulaya, za visima, shule na zahanati. Ripoti za ofisi hizo hazihesabu kilo bali shilingi, na shilingi zetu hufika milioni haraka. Hilo linabadilisha kila kitu.

Mfadhili anapoandika shilingi milioni moja na robo kwa mtindo wa kwao, anaandika 1.250.000. Nukta mbili. Programu ya utaratibu wa Kiingereza haiwezi kuisoma hiyo kuwa desimali, kwa sababu namba haiwezi kuwa na alama mbili za desimali. Basi inaiacha iwe maandishi tu, kama vile jina la mtu. Na fomula ya SUM, ikikuta maandishi katika safu, inayaruka bila kusema neno. Mstari upo, unaonekana, unachapishwa kwenye ripoti, jicho linausoma milioni moja na robo, lakini kwenye jumla haumo. Ajabu ni kwamba mtu aliyejumlisha kwa alama ya kuongeza, kisanduku kimoja baada ya kingine, angepata onyo la #VALUE! mara moja. Njia ya kizamani ingemwokoa, na SUM inamwacha aende na ripoti hadi kwa mkaguzi.

Maandishi ya aina hii tunayatengeneza wenyewe pia. Ule mtindo wetu wa kumalizia bei kwa mkwaju na alama mbili za usawa, 1,250,000/=, unapendeza kwenye risiti ya mkono na una kazi yake ya kuzuia mtu asiongeze tarakimu mbele. Ukibandikwa kwenye lahajedwali unaigeuza namba kuwa maandishi, na matokeo ni yaleyale. Karatasi za Kifaransa kutoka Kongo zina mtego wao: nafasi iliyo kati ya maelfu mara nyingi si ile ya kawaida inayotokana na kibodi, bali nafasi maalumu inayozuia namba isikatwe mwisho wa mstari. Kwa macho haitofautiani na nyingine. Ukiamuru programu ifute nafasi za kawaida, inakujibu kwamba haikuona kitu. Lazima uitaje kwa namba yake:

```
=SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),"")
```

Kinachotoka hapo bado ni maandishi, kwa hiyo kipitishe kwenye NUMBERVALUE kabla ya kujumlisha.

Kosa la Jinja ni rahisi kulitambua kuliko la Mbale ukijua pa kutazama. Tofauti hapa haihitaji kugawanywa kwa chochote: ni ile namba yenyewe iliyorukwa. Ripoti ikipungua kwa Sh 1,250,000 kamili, tafuta mstari wenye 1,250,000. Ukiona zimepungua kadhaa, kuna jozi ya fomula zinazokuambia kama tatizo lipo kabla hujaanza kutafuta:

```
=COUNTA(B2:B41)
=COUNT(B2:B41)
```

Ya kwanza inahesabu visanduku vyote visivyo tupu, ya pili inahesabu vile tu ambavyo programu inavitambua kuwa ni namba. Zikitoa majibu tofauti, kuna mistari inayoonekana tu bila kuhesabiwa. Ondoa kwanza mpangilio wa kuweka namba katikati ya kisanduku, ambao makarani wengi huupenda kwa uzuri wake, na utaona: namba halisi zinakwenda kulia, maandishi yanabaki kushoto. Mpangilio wa katikati unafuta ushahidi pekee uliokuwa unaonekana kwa macho, na mimi ningeupiga marufuku kwenye safu yoyote ya fedha.

Lakini jozi hiyo haiwezi kukamata ile 2.16 ya Bududa, kwa sababu hiyo ni namba halali. Kwa hiyo mpangilio wa ukaguzi una maana: hakikisha kwanza kwamba COUNT na COUNTA zinalingana, ndipo ugawanye tofauti iliyobaki kwa 999. Ukianza na 999 wakati bado kuna mistari iliyorukwa, jibu litatoka na mkia mrefu wa desimali na utadhani mbinu ni ya uongo. Kuna na ndugu wa tatu, 99. Baadhi ya mifumo, hasa fomu za kujaza kwenye mtandao na programu ndogo za malipo, hufuta kila alama isiyo tarakimu. Bajeti ya yuro 1.250,00 ikipita humo inatoka 125000. Tofauti ni 123,750, nayo ukiigawa kwa 99 unapata 1,250. Hapa kosa limekuza badala ya kupunguza, kwa hiyo jibu ni ile namba ya kweli.

Watu huniuliza kwa nini kompyuta moja ofisini inakosea na ya jirani haikosei, ilhali programu ni ileile. Jibu liko nje ya Excel, kwenye mipangilio ya eneo ya Windows. Kompyuta iliyotumika, iliyonunuliwa kutoka Ulaya, inaweza kuja na eneo la Ujerumani limekaa palepale ingawa maandishi yake yamebadilishwa kuwa Kiingereza. Na kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: ukichagua Kiingereza cha Afrika Kusini, kwa kudhani ni cha karibu nasi, Windows inaweza kukuwekea mkato kuwa alama ya desimali, kwa sababu huo ndio utaratibu rasmi wa nchi ile. Kwenye kompyuta ya namna hiyo mambo yanageuka. Karatasi zetu wenyewe za mzani, zilizoandikwa 2,160, ndizo zinazosomwa mbili na kitu, na orodha ya Hamburg inasomwa vizuri ikiwa eneo ni la Ujerumani. Kwenye ile ya Kijerumani hata desimali zetu haziponi: 12.5 iliyobandikwa humo inaweza kugeuka kuwa tarehe, siku ya 12 ya mwezi Mei. Katika Excel unaweza kuona na kubadilisha alama hizo kupitia File, kisha Options, kisha Advanced, palipoandikwa Use system separators.

Faili lenyewe la Excel likitumwa, halina shida hii. Ndani ya faili la .xlsx namba huhifadhiwa kwa namna moja duniani kote, na kila kompyuta huionyesha kwa mtindo wa mwenyewe. Namba hupoteza asili yake pale inapogeuzwa kuwa maandishi njiani: ikiwa PDF, ikiwa ujumbe wa WhatsApp, ikiwa barua pepe, au ikiwa faili la CSV, ambalo halina mahali popote pa kusema limetoka nchi gani. Ofisi inayomwomba mnunuzi faili asilia badala ya picha yake imeondoa sehemu kubwa ya hatari kwa sentensi moja.

Zipo namba zinazojitetea zenyewe. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu mazao yasiyotokana na ukataji misitu inadai kila shamba la kahawa lielezwe mahali lilipo kwa tarakimu zisizopungua sita baada ya alama ya desimali. Shamba la karibu na Mbale liko kwenye latitudo ya digrii moja na kitu. Programu ikitupa mkato katika 1,075000 itapata digrii zaidi ya milioni moja, na ramani itakataa hapohapo, maana latitudo haizidi 90. Kilo haina mpaka kama huo. Hakuna kinachozuia mzigo kuwa kilo 2.16.

Hapo ndipo akili ya mtu wa mzani inapozidi fomula. Mzani wa magunia hauonyeshi gramu. Ukiona kilo zenye tarakimu tatu baada ya nukta, jiulize ni mzani gani uliopima gramu za gunia. Hali mbaya zaidi ni ile ambayo orodha yote, pamoja na jumla iliyochapishwa chini yake, ina namba za maelfu tu. Kila mstari unagawanywa kwa elfu, na jumla ya 19.200 nayo inasomwa 19.2, kwa hiyo mistari inalingana na jumla bila kasoro. Kisha mtu mwenye nia njema anaona 19.2, anakumbuka kwamba kontena hubeba kama tani 19, na anaandika neno tani juu ya safu. Kwa mzigo ule atakuwa amepatia. Mwezi unaofuata kikundi cha Wanale kinaleta kilo 960 kwenye safu hiyohiyo, na wanaandikiwa tani 960, mzigo wa makontena hamsini.

Mbinu zote hizi zinadai kitu kimoja: uwe na jumla nyingine iliyopatikana kwa njia nyingine, kama hesabu ya magunia au karatasi ya mzani wa magari. Kwa bei ya mkataba iliyoandikwa peke yake, tuseme 4,125, hakuna cha kulinganisha. Namba yenye alama mbili tofauti hujieleza, kwani ya mwisho ndiyo ya desimali. Yenye alama moja iliyorudiwa hujieleza pia, hiyo ni ya maelfu. Yenye alama moja ikifuatwa na tarakimu mbili, au nne, hujieleza. Ni ile tu yenye alama moja na tarakimu tatu kamili nyuma yake ambayo haiwezi kuamuliwa kwa kuitazama, na kwa bahati mbaya ndiyo inayojaa kwenye karatasi za kahawa.

Kwa namba hiyo, mwandikie aliyeituma na umwombe akuandikie kwa tarakimu, kwa mfumo wa ofisi yao uleule uliotoa waraka, kiasi cha elfu moja mia tano na nusu. Akirudisha 1.500,5 umeshajua kila alama katika kurasa zake ina maana gani, na ile bei ni nne na senti kumi na mbili na nusu.